Asubuhi Nne za Manyasi

Damu niliiona kwanza siku ya Jumanne, nikiwa kwenye cherehani yangu sokoni Kombewa, nimeinamia kola ya shati la shule. Nilihisi unyevu, kisha tumbo likakaza chini ya kitovu, mkazo ule wa siku za mwezi ambao kila mwanamke anaujua. Nikamwomba jirani muuza mitumba aniangalizie kibanda, nikaenda chooni. Ilikuwa kidogo, ya rangi ya kahawia iliyochanganyika na nyekundu. Nikakaa pale nikaiangalia kama mjinga.

Kwa hesabu yangu mimba ilikuwa ya wiki tisa, ya kwanza, na tulikuwa tumeingoja miaka miwili. Aliyejua ni mume wangu peke yake. Huku kwao mimba changa haitangazwi, na kwetu pia haikutangazwa, kwa hiyo hapo angalau hatukugombana.

Nasema kwao na kwetu kwa sababu wazazi wangu walitoka Nyeri wakafungua duka Kisumu mjini kabla sijazaliwa. Mimi nimezaliwa Kisumu, nimesoma Kisumu, nimekula samaki wa ziwa hili tangu nina meno mawili. Lakini nilipoolewa hapa Seme mama mkwe aliniita nyar Nyeri, binti wa Nyeri, na mpaka leo ndilo jina langu katika boma hili. Dholuo, lugha ya huku, naisikia vizuri kuliko ninavyoiongea. Nyumbani tulikutana katikati, kwa Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa namna yake.

Muuza mitumba aliniona uso tu akajua. Hakuuliza mengi. Alisema, "Ni hiyo cherehani ya miguu. Unakanyaga kutwa nzima, unafikiri mtoto atashika wapi?" Nilitaka kumtupia mkasi. Nikachukua boda mpaka hospitalini, na njia nzima nikimwambia kijana wa watu aende polepole, apite mbali na mashimo, mpaka akaniuliza kama nimebeba mayai.

Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu aajiriwe. Hakunipa pole. Aliuliza. Pedi ngapi tangu asubuhi? Kuna mabonge? Maumivu yako katikati au yamekaa upande mmoja? Umesikia kizunguzungu? Umezimia? Bega linauma?

"Bega?" nikamuuliza.

"Ncha ya bega. Linauma au haliumi?"

"Haliumi."

Akaandika. Nikafikiri amechoka, amechanganya faili langu na la mtu aliyeanguka mtini.

Wakanipima presha, mkojo, malaria, wingi wa damu na kundi lake. Malaria sikuwa nayo, na daktari alifurahi kuliko mimi, maana huku ziwani malaria na mimba haviketi pamoja kwa amani. Kisha sista akaniambia nivue nipande kitandani. Nilisita. Alikuwa mama mnene mcheshi, akanipiga kofi dogo la goti akasema, "Mficha uchi hazai, mama. Panda." Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nililia, naye akaniachia leso yake mwenyewe nijifunike.

Daktari alipomaliza kuangalia alisema mlango wa kizazi umefungwa. Akanipeleka kwenye picha. Mwenye mashine alinipaka yale mafuta baridi tumboni, akazungusha kwa muda ambao mpaka leo naona haukuwa na sababu. Kisha akageuza kioo. Palikuwa na kitu kama punje ya haragwe, na ndani yake kitu kinapepesa haraka haraka. Akasema huo ndio moyo.

Nilirudi kwa daktari nikiwa nimeshika karatasi ile kwa mikono miwili. Aliisoma, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Mimba ikitoa damu," alisema, "kitu cha kwanza ninachotaka kujua si kama itakaa. Ni iko wapi. Yako iko ndani ya mji wa mimba, mahali pake. Kama ingekuwa nje, kwenye mrija, ingeweza kukuua huku damu unayoiona ni matone tu. Sasa hiyo tumeiondoa. Mlango umefungwa, moyo unapiga. Hii tunaiita mimba inayotishia kutoka. Nyingi zikifika hapa huendelea. Zingine hutoka."

"Nipe dawa ya kuishikilia."

"Hakuna."

"Sindano. Nimesikia kuna sindano."

"Kuna dawa ambayo inaweza kuwasaidia kidogo wale waliowahi kupoteza mimba na sasa wanatoa damu tena. Wewe hujawahi. Nikikupa nitakuwa nakupa kitu ili tu usitoke hapa mikono mitupu."

"Basi nilale kitandani."

"Ukichoka lala. Lakini kitanda hakishikilii mimba. Wanawake wamelala miezi, na zilizokuwa za kutoka zikatoka."

Nikamuuliza kuhusu cherehani. Nikamuuliza kuhusu boda, kuhusu debe la maji nililobeba Jumapili, kuhusu ugomvi na mume wangu. Kila moja alilijibu kwa neno lile lile, hapana, bila kuchoka, mpaka nikaelewa kwamba anayajibu maswali haya kila siku ya Mungu. Akasema zinazotoka mapema namna hii, nyingi ni mtoto mwenyewe hakuungana vizuri tangu mwanzo, wala si mama alifanya kitu. Akaniandikia parasetamoli ya maumivu, akasema nisinywe dawa nyingine za maumivu kiholela, nisinywe mizizi ya mtu yeyote kwa sababu hakuna anayejua ina nini ndani, tusikutane na mume wangu mpaka damu ikauke, nirudi baada ya wiki mbili nipigwe picha tena. Na nirudi mbio, hata kama ni usiku, nikijaza pedi kwa saa moja, nikitoa mabonge, nikipata homa, nikisikia maumivu makali, kizunguzungu, au bega.

Bega tena. Nilitoka pale nimekasirika. Mtu anakwenda hospitali kutafuta kitu cha kufanya, anapewa karatasi na neno ngoja. Miaka imepita sasa na najua yule mama alinipa kitu kikubwa kuliko sindano, aliniambia ukweli wote hata ule usiouzika. Lakini siku hiyo nilimwona mchoyo.

Nyumbani mambo yalikuwa yameshaharibika kabla sijafika.

Lazima nieleze habari ya mahindi. Mvua ya masika ilipofika mama mkwe alikuwa Nairobi kwa binti yake. Wiki ikapita, ya pili ikapita, majirani wote wameshapanda. Mume wangu akaniambia, "Panda tu, mvua haimngoji mtu." Nikapanda. Sikujua, na yeye aliyejua hakuniambia, kwamba katika boma mama ndiye anayetia mbegu ya kwanza ardhini, kisha wake za watoto wake wanafuata kwa zamu. Mke akimtangulia mama amevunja mwiko, na mwiko huo una adhabu inayoitwa chira. Chira hupunguza. Watu wanakonda, mifugo inakufa, watoto wanapotea.

Mama mkwe alirudi Jumamosi, akakuta mahindi yangu yamechomoza kidole kimoja. Alizunguka shamba mara moja, akaingia kwake. Jumanne jioni mume wangu alipomwambia ninatoa damu, alikuja nyumbani kwangu akasimama mlangoni.

"Nyar Nyeri," alisema. "Nani alikwambia upande?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kilomita sifuri kutoka kwangu, anafungua kamba za viatu. Zile kamba zilihitaji kufunguliwa sana siku hiyo.

"Hakuna aliyeniambia," nikasema. Bado nilikuwa namngoja. Mpaka leo namngoja.

Mama mkwe si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Hakunitukana. Alifunga leso kiunoni, kesho yake akaenda mpaka upande wa Luanda Kotieno kwa mama mmoja anayejua miti, akarudi na fungu la majani na mizizi. Hayo ndiyo manyasi, dawa ya kusafisha mwiko. Akaniambia mwanamke hunywa asubuhi nne, kikombe kimoja kila asubuhi. Akaloweka mwenyewe. Akaja mwenyewe alfajiri, kikombe kimefunikwa kisahani, akaniwekea mezani. "Kunywa, nyathina," alisema. Mwanangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo.

Nilisema nitakunywa nikishatia kitu tumboni. Alipotoka nilikwenda nyuma ya nyumba nikamwaga kwenye shina la mgomba. Mume wangu aliniona. Akacheka kidogo akasema, "Usimwambie mama." Huo ndio ulikuwa mchango wake.

Asubuhi nne nilimwaga. Asubuhi nne nilirudisha kikombe kitupu na mama mkwe akakipokea kwa mikono miwili. Sikusema uongo kwa mdomo, nilijiambia. Kikombe kilisema chenyewe.

Damu ilikuwa ikija ikienda siku nane. Kila nilipokwenda chooni nilikwenda na moyo mkononi. Siku ya tano ilizidi kidogo, nikaketi kwenye kitanda na pedi na saa ya ukutani, nahesabu dakika, na saa ilipoisha pedi haikuwa imejaa, nikainuka nikaenda kupika. Siku ya tisa ilikauka. Baada ya wiki mbili nilirudi kwenye picha, na lile haragwe lilikuwa limeota mikono. Daktari akasema vizuri. Nikamuuliza nini kimeizuia. Akasema, "Hakuna kilichoizuia. Ilikuwa ya kukaa." Nikamchukia tena kidogo.

Binti yangu alizaliwa mzima, mwenye sauti ya kuamsha boma lote. Na boma lote lilijua nani amemwokoa. Mama mkwe alisimulia kanisani baada ya ibada, akasimulia kwenye chama cha akina mama, akasimulia kisimani. Mtoto wa nyar Nyeri alikuwa anakwenda, manyasi yakamrudisha. Mimi nilikuwa nikisikia, natabasamu, nanyonyesha. Ningesema nini? Mahindi yalikuwa yamesamehewa. Nilikuwa nyathina. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilikuwa na amani katika boma lile, na amani hiyo ilikuwa imekaa juu ya vikombe vinne vilivyomwagwa. Nikaona afadhali vikae vilivyokaa.

Sasa huyu ambaye naandika haya kwa ajili yake. Ni mke wa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Nyumba yake iko hatua arobaini kutoka kwangu, ng'ambo ya ua wa lantana. Huku wake za ndugu huitana nyieka, mke mwenza, kana kwamba mume ni mmoja. Wa kwangu alikuwa mpole kuliko mimi, na hilo si gumu. Alikuwa amekaa miaka mitano bila mtoto. Binti yangu alilelewa mgongoni mwake kuliko mgongoni mwangu. Alikuwa akimbeba akisema, "Huyu ananiitia ndugu yake."

Binti yangu alikuwa ameanza kutembea. Asubuhi moja nilipita kwake kumwachia mtoto kabla ya kwenda sokoni, nikamkuta mama mkwe jikoni na kikombe kilichofunikwa kisahani. Nilikijua kile kisahani. Kina ufa pembeni.

Nyieka wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso umepauka lakini unacheka. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayetoa zawadi, kwamba hajaona siku zake kwa wiki sita hivi, alipima kile kipimo cha duka la dawa kikatoa mistari miwili, na sasa tangu juzi anaona damu kidogo. "Kidogo tu, kama yako," alisema. "Na tumbo linauma huku." Aliweka mkono upande wa kulia, chini.

Upande mmoja. Niliuona mkono ulipowekwa.

"Nenda hospitali," nikasema.

"Nitaenda. Nimalize hizi kwanza. Leo ni ya pili." Akainua kikombe. "Wewe si ulipona na hii?"

Mama mkwe alikuwa amesimama hapo, anapangusa mikono kwa leso, ananitazama kwa upendo. Naapa ni upendo. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi ndani yake, na wote wanaonijua wanasema ulimi wangu haujawahi kupata likizo. Nilihitaji maneno matatu tu. Mimi niliyamwaga yote.

"Nenda tu hospitali pia," nikasema tena, polepole, kama mtu anayesema karibu chai akiwa hana chai.

Akanywa. Akakunja uso kwa uchungu wa majani, akacheka, kisha akajisugua bega la kulia. Akasema alilala vibaya.

Nilikuwa nimefika barabarani ndipo bega lile likanifikia. Nilisimama. Nilisimama kabisa, boda mmoja akapiga honi akidhani namwita. Nikamsikia yule daktari akiniuliza mara mbili, na nikajua mimba ile iko nje, kwenye mrija. Sitajidanganya hapa kwamba sikujua. Ningerudi ingenichukua dakika saba. Lakini mama mkwe alikuwa bado pale, na kumwambia nyieka wangu kwa nini asingoje ni kumwambia kwa nini mimi sikungoja, na kikombe, na mgomba, na miezi yote ile ya ushuhuda kanisani. Nilikuwa na sare kumi na mbili za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Nikasema nitamwambia jioni, tukiwa wawili.

Jioni nilimkuta amelala. Shemeji alisema amechoka, tumwache. Nikamchukua mtoto wangu nikaenda.

Asubuhi ya tatu hakufika kwenye kikombe. Alianguka akienda chooni. Tulimkuta rangi imemtoka mpaka kwenye midomo, jasho baridi, tumbo gumu kama ubao, na damu kwenye nguo yake ilikuwa matone tu. Mwalimu jirani alitoa gari lake. Hospitalini Kombewa wakamtazama mara moja, wakamtundikia maji mikono yote miwili, wakamtia kwenye ambulensi kwenda Kisumu. Nilikwenda naye nimeshika miguu yake. Alifunguliwa tumbo mchana ule ule. Mimba ilikuwa kwenye mrija wa kulia, na mrija ulikuwa umepasuka. Wakautoa. Damu iliyokuwa imemwagikia ndani walituambia kwa lita. Waume zetu wote wawili walitoa damu, na wangu nilimwona akifungua kamba za viatu tena bila sababu, ameketi kwenye benchi ya ukumbini.

Aliishi. Nataka hilo liwe wazi, kwa sababu anayesoma mpaka hapa atadhani nitasema alikufa. Daktari wa upasuaji alisema mrija wa kushoto upo, anaweza kupata mimba tena, ila siku nyingine akikosa siku zake tu aje mapema apigwe picha. Akasema pia kwamba angeonwa mapema, kabla haujapasuka, labda ingetosha dawa, bila kisu. Alilisema kwa upole, kwa jumla, akitazama karatasi. Hakuna aliyenitazama. Hakuna aliyekuwa na sababu.

Mama mkwe alisema ni chira ya zamani, haikusafishwa mapema vya kutosha. Mume wangu alinyamaza. Nilimwona akinyamaza, na kwa mara ya kwanza sikuweza kumkasirikia, maana kimya chake na changu vilikuwa vimekaa benchi moja.

Siku ya tatu walituruhusu kuingia mmoja mmoja. Nilimletea uji kwenye chupa. Alikuwa amejilaza ubavu, mkono uko juu ya bandeji, macho kavu. Nilimimina uji, nikapuliza, nikampa. Nilikuwa nimejipanga tangu alfajiri. Nilikuwa nimeyaweka yale maneno matatu mdomoni kama mtu anayeshika pini akishona, asiziachie mpaka zifike mahali pake.

Hakunywa. Alikishika kikombe tu.

"Nyieka," akasema, "wewe ulimaliza asubuhi zote nne?"

Dirisha la wodi lilikuwa wazi. Mama wa kitanda cha jirani alikuwa anatusikiliza kama wanavyosikiliza wote hospitalini. Nyieka wangu alikuwa ananitazama kama unavyomtazama mtu aliyevuka kabla yako, na kama ningesema wakati ule, angejua alikunywa nini na kwa nini, na kwamba mimi nilipita mlangoni kwake nikaenda kushona mashati.

"Zote nne," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa analitafuta usiku kucha.

"Mimi nilikunywa mbili tu," akasema.